Bumu Halijaingia, Uanzie Wapi?

Vyuo vikuu vya Tanzania vinapofungua mwaka mpya, kati ya Oktoba na Novemba, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hukusanywa ukumbini kuonyeshwa chuo na taratibu zake. Huzungumza wakubwa wa taaluma, msajili, mkutubi, na mganga wa zahanati. Mwishoni, watu wakiwa wamekwisha kuchoka, hupanda kiongozi wa serikali ya wanafunzi na kupewa dakika chache za kuwakaribisha wadogo zake. Kwa maoni yangu hizo ndizo dakika zenye faida kuliko zote, mradi kiongozi asizimalize kwa pongezi za kufaulu kidato cha sita.

Kiongozi anayeijua kazi yake huanza na bumu, maana ndilo litakalowaleta wengi mlangoni kwake. Bumu ni fedha ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango chake ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Hulipwa kwa mafungu, kwa hiyo fungu la siku 60 kwa anayepata kiwango chote ni shilingi 600,000. Ukimkuta mwanafunzi anakopa hela ya ugali wakati wenzake wamekwisha kusaini, ujue hilo fungu limekwama mahali.

Tuchukue mfano wa kijana aliyefeli baadhi ya masomo ya kidato cha nne, akarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sasa ana namba mbili za mtihani: ya kwanza inaanza na herufi S, ya shule, na ya pili inaanza na P. Aliomba chuo kwa namba moja na mkopo kwa nyingine. Wiki ya tatu bumu halijaonekana. Wenzake wa bwenini wanamshauri apande basi aende ofisi za Bodi, nauli akope.

Asipande basi kwanza. Afungue akaunti yake ya SIPA kwenye mtandao wa Bodi na kutazama mambo mawili: kama amepangiwa mkopo, na umepangwa chuo gani. Wapo waliochaguliwa vyuo viwili, wakathibitisha kimoja huku mkopo umeelekezwa kingine. Hao dawa yao ni kuomba mkopo uhamishwe. Kama chuo ni sahihi, aangalie usajili wake chuoni umekamilika au la. Asiyesajiliwa hawezi kuingia kwenye orodha ya malipo, hata kama jina lake kwa Bodi ni safi.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo aende kwa afisa mikopo wa chuo na kuomba atafutwe kwenye orodha kwa namba ya kidato cha nne. Majina hufanana, na mpangilio wake hugeuzwa. Namba ndiyo inayomtambulisha. Hapo S na P zitaonekana zimegongana. Ataandika barua fupi, ataambatanisha nakala za vyeti vyote viwili na barua ya udahili, kisha atabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri ni muhimu kuliko ufasaha wa barua, kwa sababu mwezi ujao afisa mwingine anaweza kuwa ndiye aliyekaa mezani.

Wakati barua inasubiri, njaa haisubiri. Hapo ndipo anapoingia mshauri wa wanafunzi, ambaye wengi humkimbia wakidhani kazi yake ni nidhamu tu. Yeye hana mamlaka ya kulipa bumu, lakini anaweza kuongea na wa hosteli kuhusu ada iliyochelewa. Aelezwe kabla mwanafunzi hajafungiwa chumba.

Shida ya pili ni ya ugonjwa. Mwanafunzi ameamka na homa siku ya mtihani, anajikaza, anaingia, anafeli, halafu analeta cheti cha daktari. Kwa kawaida hapo amechelewa, kwa kuwa mtihani uliofanywa huhesabiwa. Utaratibu ni kwenda zahanati ya chuo kwanza na kuomba kuahirisha kwa maandishi kupitia idara. Akikubaliwa hufanya mtihani maalumu, mara nyingi katika kipindi kilekile cha wenye sapu, na matokeo yake hayaitwi sapu.

Lipo pia jambo ambalo ukumbini hutajwa kwa sauti ya chini: mwalimu anayetaka ngono ili atoe alama. Hilo lisipelekwe kwa kiongozi wa darasa kwanza. Ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Pa kwenda ni dawati la jinsia la chuo, au TAKUKURU kwa simu ya bure 113, na ujumbe wa simu usifutwe hata kama unaona aibu kuusoma.