Oda za Mang'ula zimetokea zimeandikwa "Mang’ula"? Mteja hana kosa

Wadau, leo tuongelee ule uchafu wa herufi unaotokea ukifungua orodha ya oda kwenye kompyuta. Unaona jina zuri tu la mteja au la mtaa, katikati kumeingia â, alama ya yuro na kialama cha TM. Wengi wanadhani ni virusi. Wengine wanadhani mteja kachezea simu yake. Si hivyo, na ukijua kinachotokea utarekebisha ndani ya dakika mbili.

Nichukue mfano wa dada mmoja hapa Chanzuru anayeuza vitenge na sabuni mtandaoni. Wateja wake wanajaza fomu kwa simu, oda zinaingia Google Sheets, halafu yeye anashusha faili la CSV na kulifungua kwa Excel ili achape stika za mizigo. Siku hiyo alikuwa na oda sita za Mang'ula, huko Kilombero. Akachuja safu ya mahali, akatiki Mang'ula, zikaja nne. Akafunga nne, zikapanda gari kupitia Mikumi. Mbili zikabaki dukani, na wenyewe walishalipa kwa simu. Siku ya tatu mmoja akaandika kwenye ukurasa wake, mbele ya wateja wote, kwamba ni tapeli.

Aliponiletea kompyuta akaniuliza, "Kaka, hii ni virusi?" Nikashuka na safu ile hadi chini. Oda mbili zilizopotea zilikuwepo, ila zimekaa hivi:

```
Mang’ula
```

Tuanze na kile kialama cha juu kwenye ng', ambacho shuleni tuliambiwa kinaitwa ritifaa. Kwenye simu na kompyuta kipo cha aina mbili. Kuna kilichonyooka ( ' ) na kuna kilichopinda ( ’ ). Simu nyingi za Android zinaweka kilichonyooka. Aifoni kwa kawaida inakipindisha yenyewe bila kukuuliza, na Word nayo ina tabia hiyo hiyo. Kwa macho ya haraka hutaona tofauti, lakini kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa.

Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Kilichonyooka ni namba 39 karibu kila mahali, kwa hiyo hakiharibiki. Kilichopinda hakimo kwenye zile herufi 128 za msingi. Mfumo unaotumika mtandaoni, UTF-8, unakiandika kwa namba tatu zinazofuatana: 226, 128, 153. Google Sheets inajua kwamba hizo tatu ni herufi moja. Lakini faili la CSV halina lebo ya kusema limeandikwa kwa mfumo gani. Ukilibofya mara mbili, Excel ya Windows inakisia, na kwa kompyuta nyingi za kwetu inakisia mfumo wa zamani, Windows-1252. Huko kila namba ni herufi yake: 226 ni â, 128 ni €, 153 ni ™. Ndiyo maana kialama kimoja kinazaa takataka tatu.

Hapo pia unapata jibu la kwa nini zile oda nne zilikuwa safi. Waliozituma waliandika kwa kilichonyooka. Basi ukiona baadhi ya mistari imeharibika na mingine mizima, na iliyoharibika yote ina ng', au ina emoji (nyingi zinaanza na ðŸ), au ina kistari kirefu cha bei kama 5,000–8,000, ujue tatizo ni kusoma. Faili lenyewe ni zima.

Dawa: usilibofye mara mbili. Fungua Excel ikiwa tupu, nenda Data, kisha From Text/CSV, chagua faili lako. Litakuja dirisha lenye kipande cha orodha. Juu yake pameandikwa File Origin. Weka hii:

```
65001: Unicode (UTF-8)
```

Angalia kile kipande kabla ya kuendelea. Mang’ula ikinyooka pale pale, uko sawa. Hapo hapo kuna Data Type Detection. Iweke Do not detect data types, maana Excel ikiachiwa ikisie inakula sifuri ya mwanzo kwenye namba za simu, 0712 inabaki 712. Halafu bonyeza Load. Na kama orodha iko kwenye Google Sheets yako mwenyewe, kuna njia fupi zaidi: ukishusha, chagua Microsoft Excel (.xlsx) badala ya CSV. Faili la aina hiyo linabeba taarifa ya mfumo wake ndani, Excel haina cha kukisia.

Sasa, kama ulishafungua vibaya ukahifadhi? Ukihifadhi kama .xlsx, zile â€™ zimeshakuwa herufi za kweli ndani ya faili, kubadilisha File Origin hakusaidii tena. Lakini hakijapotea kitu. Bonyeza Ctrl+H, kopi ile takataka kutoka kwenye seli, ipesti kwenye Find what, na kwenye Replace with andika ' iliyonyooka. Replace All. Yule dada orodha yake ilikaa sawa kwa hatua hiyo moja.

Kinachotisha ni kingine: kile kidude cheusi chenye alama ya kuuliza ndani, �. Hicho kinatokea njia ikigeuka, yaani faili limehifadhiwa kwa mfumo wa zamani halafu likasomwa kama UTF-8. Linatokea sana unapotoa orodha Excel na kuipakia kwenye mfumo wa kutuma meseji kwa wateja. Ukikiona kwenye kioo tu, rudi kwenye faili la mwanzo, Save As, chagua CSV UTF-8 (Comma delimited), pakia upya. Lakini ukishahifadhi faili lenye � herufi ya asili imefutika, haijui tena kama ilikuwa ritifaa au kistari. Hapo ni kumpigia mteja. Kwa hiyo faili la kwanza ulilolishusha usiliguse, fanyia kazi nakala.

Jambo moja watu wanaliacha. Hata ukisoma faili vizuri, Mang'ula na Mang’ula bado ni maneno mawili kwa Excel. Ukichuja utayaona yanakaa mistari miwili, kama vijiji viwili. Chang'ombe ni hivyo hivyo, na "kung'arisha" kwenye majina ya sabuni. Baada ya kuingiza orodha, pitisha Ctrl+H ubadilishe vilivyopinda vyote viwe vilivyonyooka, ndipo uanze kuchuja na kuhesabu. Kama wewe ndiye mwenye Aifoni, nenda Settings, General, Keyboard, uzime Smart Punctuation.

Na kama unatuma meseji za kawaida kwa wateja wengi, kialama kilichopinda kina gharama yake. Meseji moja inachukua herufi 160, lakini ikiwa na hata ritifaa moja iliyopinda, kikomo kinaweza kushuka hadi 70, kwa sababu haimo kwenye herufi za kawaida za meseji. Tangazo la herufi 120 lililokuwa meseji moja linahesabiwa mbili, na unalipia mbili kwa kila mteja.