Macho Yamepimwa, Sasa Fremu Ipi?

Tangazo la duka la miwani huahidi mambo mawili: kupimwa macho bure na fremu mpya za kila rangi. Anayenunua miwani kwa mara ya kwanza hukimbilia fremu. Ningemsihi aanze na karatasi ya vipimo.

Ile mashine unayoegemeza kidevu na kutazama picha ndani yake hutoa makadirio tu. Kijana akitazama humo macho yake hujikaza, na namba inaweza kuzidi ile anayoihitaji. Kwa hiyo mpimaji anapaswa kukuvalisha fremu ya majaribio na kubadilisha lenzi, jicho moja baada ya jingine, huku ukisoma herufi ukutani. Kama jicho haliboreki kwa lenzi yoyote, huenda tatizo si la miwani. Nenda kwa daktari wa macho. Na kabla hujaondoka, hakikisha umepimwa umbali kati ya mboni zako mbili. Namba hii ndogo ndiyo inayoamua fremu gani itakufaa.

Tuchukue mwanafunzi wa chuo asiyeona mbali, namba yake -4.00 kila jicho, na umbali wa mboni milimita 62. Amependa fremu kubwa iliyoandikwa 52-18-140 ndani ya mkono wake. Hiyo 52 ni upana wa kila lenzi, 18 ni nafasi ya puani, 140 ni urefu wa mkono, vyote kwa milimita. Jumlisha 52 na 18, unapata 70, yaani milimita 8 zaidi ya umbali wa mboni zake. Fundi atalazimika kusogeza kitovu cha kila lenzi milimita 4 kuelekea puani. Lenzi ya asiyeona mbali ni nyembamba katikati na nene pembeni, hivyo upande wa masikioni utabaki na ukingo mnene, mzito, unaoonekana hata kwa anayemtazama. Akichukua 46-18, jumla ni 64, na kitovu kitasogea milimita 1 tu. Lenzi ni ya namba ileile, lakini miwani itakuwa nyepesi zaidi. Ajaribu tu kama haimbani kichwa.

Halafu atabasamu akiwa ameivaa. Fremu ikiinuliwa na mashavu, imekaa chini mno. Ikiteleza anapoinama, pua yake inahitaji fremu yenye vipira vidogo vya puani, ambavyo fundi anaweza kuvikunja vikae sawa. Fremu nyingi za plastiki hazina vipira hivyo.

Siku za mwanzo sakafu inaweza kuonekana imeinama, na ngazi zikahitaji uangalifu. Kwa kawaida hali hiyo hupungua kadiri unavyoendelea kuivaa. Ikipita wiki mbili na kichwa bado kinauma au macho yanavutwa, rudi dukani na karatasi yako. Waombe wapime lenzi upya kwenye mashine na kuweka alama ya wino kwenye kitovu cha kila moja, kisha uvae miwani hiyo mbele yao. Alama zikiwa mbali na mboni zako, lenzi zimekatwa vibaya na zinapaswa kutengenezwa upya.