Sinema ya uwanjani: maneno machache chini ya picha

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 kasoro, na projekta haioneshi kitu mpaka nusu saa hivi baadaye. Kwa hiyo maelezo ya chini ya picha ya tangazo yataje saa mbili tofauti: ya kufungua geti na ya filamu kuanza. Ukiandika “jioni” tu, wenye watoto watafika mapema na kusubiri kwenye umande.

Mfano:

“Jumamosi, uwanja wa shule. Geti saa 12:30 jioni, filamu saa 1:15 hadi saa 3 usiku. Mkubwa sh. 2,000, mtoto chini ya miaka 12 sh. 500, hapo hapo getini. Watoto waje na mzazi: kuna ngumi na damu kidogo.”

“Kwa familia nzima” haimsaidii mzazi. Anachotaka kujua ni kilichomo, na filamu inaisha saa ngapi, maana mtoto wa miaka 5 huwa amelala kabla ya saa 3. Andika “usiku” kila mara. “7:15” peke yake wengine wataisoma saa saba.