Daftari la vijumba au bangili ya mazoezi: nini cha kununua Rumonge

Mtu wa Rumonge akitaka kujihesabia saa za kulala, kusoma na kufanya mazoezi, atauziwa vitu vinne: bangili ya mazoezi ya mkononi, programu ya simu, ajenda ya mwaka, au daftari la shule. Kwa mwenye haraka, jibu langu ni hili: chukua daftari la vijumba, lile jembamba la kurasa 48, na penseli. Anayetaka kujua kwa nini, aendelee.

Tuanze na bangili, kwa sababu ndiyo inayotamanisha. Bei yake dukani ni mwanzo tu. Bangili haina kioo cha kutosha kukuonyesha wiki nzima, kwa hiyo lazima iungwe na simu janja, na simu hiyo lazima iwe na mega za kufungulia akaunti mara ya kwanza. Kisha kuna chaja. Nyingi zina chaja ya pekee yenye vipini viwili vya chuma, na ya bangili nyingine haiingii. Ikipotea, huenda usiipate Rumonge, ikabidi uagize Bujumbura, kilomita sabini na kitu kwa barabara ya ziwani. Mafuta ya gari yakiadimika, nauli ya kwenda na kurudi inaweza kuzidi bei ya chaja.

Kuchaji nako ni gharama. Bangili nyepesi hukaa siku tano hadi kumi na nne, lakini saa ya mkononi yenye kioo kikubwa huisha baada ya siku moja au mbili. Wenye umeme nyumbani hawaoni hesabu hii. Anayelipia kibandani na aone: ukitozwa, tuseme, faranga 500 kila mara, na simu ikahitaji safari mbili zaidi kwa wiki kwa sababu Bluetooth iko wazi kutwa, ni mara 104 kwa mwaka, yaani faranga 52,000. Hiyo haijagusa bei ya bangili yenyewe. Weka bei ya kibanda chako mahali pa ile 500 ujue yako.

Kasoro kubwa zaidi haiko kwenye bei. Bangili hupima mwendo wa mkono. Mvuvi anayevuta wavu atahesabiwa hatua naye amesimama palepale kwenye mtumbwi. Anayepanda kilima kwa baiskeli na mzigo wa mawese, mikono imeshika usukani, huenda asihesabiwe kitu. Usingizi nao hukadiriwa kwa utulivu wa mkono, na kwenye baadhi pia kwa mapigo ya moyo, na nyingi zimetengenezwa zikitarajia mtu alale usiku. Ukilala mchana, nyingine hukupa nusu, nyingine hazikupi chochote. Katika mji ambao watu wengi hukesha ziwani wakivua ndagala kwa taa, hilo si tatizo dogo.

Hata ile shabaha ya hatua elfu kumi isikufanye utie pesa mfukoni mwa muuzaji. Ilivuma Japani mwaka 1965 kama jina la kipima hatua kilichouzwa sokoni. Haikutoka kwa daktari.

Programu za simu zinasemwa ni za bure. Bure hiyo ina mlango wa pili. Matangazo hula mega kila unapoifungua, na masasisho hula zaidi. Nyingi huruhusu tabia mbili au tatu, ukiongeza ya nne unaambiwa ulipe, kwa dola, kwa kadi ya benki. Nyingine huanza na wiki moja ya majaribio kisha hukata pesa zenyewe. Usiyeweka kadi umesalimika. Kabla ya kupakua, zima mtandao kabisa kwenye simu ya jirani aliye nayo, ufungue programu hiyo na uandike kitu. Ikikataa, iache. Inayofanya kazi bila mtandao ni nzuri kwa mwenye simu janja tayari, lakini si sababu ya kununua simu janja.

Programu nyingi pia zina mtindo wa kuhesabu siku mfululizo: ukikosa moja, namba inarudi sifuri. Hapo ndipo wengi huifuta. Watafiti wa University College London, UCL, walifuatilia watu 96 kwa wiki kumi na mbili na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Tabia mpya ilichukua siku 66 kwa mtu wa kati kabla ya kufanyika bila kujisukuma, huku wengine wakikadiriwa kuhitaji 18 na wengine 254. Kukosa siku moja hakukuharibu jambo lolote la maana. Kifaa kinachokurudisha sifuri kwa siku moja kinakuadhibu kwa kosa lisilokuwepo.

Ajenda ya mwaka naipita haraka. Ina tarehe zilizochapwa, kwa hiyo ukiinunua Machi umelipia miezi miwili iliyokwisha. Karatasi yake nzuri, jalada lake gumu, na utatumia sehemu ndogo sana. Kalenda ya ukutani ya kupewa bure na mfanyabiashara ni bora kuliko ajenda, ila kijumba chake hakitoshi kuandika saa za kulala, na kila mgeni anayeingia sebuleni atasoma kwamba hukufanya mazoezi.

Sasa daftari. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa na uhesabu vijumba kwa upana. Unataka visipungue 27. Daftari la kawaida la sentimita 17 kwa 22 lenye vijumba vya milimita 5 lina 34 kwa upana na 44 kwa urefu, kwa hiyo mwezi mzima unaingia kwenye ukurasa mmoja na nafasi inabaki. Madaftari yenye mistari ya kuandikia mwandiko, yale yenye vyumba vipana vya milimita 8, hayatoshi. Ukipewa hilo, rudisha. Usichukue la kurasa 200 kwa sababu muuzaji anasema ni nafuu ukigawa. Mtu mmoja anatumia kurasa 12 kwa mwaka. Kurasa 48 zinawatosha watu wanne mwaka mzima, au mmoja miaka minne, na daftari nene litachanika kabla halijajaa.

Chora hivi. Kila mstari ni siku moja, kutoka juu kwenda chini, 31. Vijumba viwili vya kwanza ni vya tarehe. Vinavyofuata 24 ni saa za siku, na cha mwisho ni jumla ya usingizi. Mstari usianze saa sita usiku kama programu zinavyofanya. Uanze saa 12 jioni, jua linapozama, saa ambayo huku kwetu haibadiliki sana mwaka mzima. Chora mstari mzito baada ya kijumba cha kumi na mbili cha saa, ndipo asubuhi inapoanzia. Kwa mpango huo, usiku mzima wa kulala unakaa kwenye mstari mmoja bila kukatwa katikati, na aliyekesha anaona kazi yake upande wa kushoto na usingizi wake upande wa kulia.

Alama za saa ni tatu tu. Saa uliyolala, kipake giza. Saa uliyosoma, andika S. Saa uliyofanya zoezi, andika Z. Nusu saa ya usingizi, paka nusu kwa mshazari. Usiongeze maji, sala, matumizi ya pesa wala hasira. Alama ya nne ndiyo huua daftari.

Chukua mke na mume. Mume ni mvuvi wa ndagala, anatoka jioni na kurudi alfajiri. Baada ya kugawa samaki na kukunja nyavu analala saa 3 asubuhi mpaka saa 8 mchana, halafu anajilaza tena saa 9 hadi saa 10 alasiri. Mstari wake una vijumba vitano vyeusi, kimoja kitupu, kisha kimoja cheusi: jumla 6. Mke anauza sokoni, anaamka saa 10 alfajiri na kulala saa 5 usiku. Vyake ni vitano. Wakiweka kurasa pamoja baada ya wiki mbili, mke anaona kwamba kuamka hakuwezi kusogezwa, soko halimngoji, ila saa 3 na saa 4 usiku ni tupu kila siku. Hakuna S, hakuna cheusi. Hapo ndipo pa kuchukua usingizi, na kusoma kuwekwe mchana soko linapopoa. Bangili ingempa namba tu. Isingemwonyesha pengo liko wapi.

Mume naye ataona kitu kingine. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri, mitumbwi hupumzika, na ghafla weusi wake unahama kutoka kulia kwenda kushoto. Wiki hiyo asiilinganishe na nyingine. Kalenda ya bure yenye tarehe za Kiislamu inamsaidia hapa, kwa kuwa mwezi mpevu huangukia tarehe 14 au 15 au karibu yake. Aweke nukta kwenye mistari hiyo mapema.

Kuhusu Z, kubaliana na nafsi yako mapema nini kinahesabika. Kuvuta nyavu ni kazi nzito na aliyeivuta usiku hahitaji kujidai amekosa zoezi, aandike Z. Anayekaa dukani ahesabu dakika 20 za kutembea haraka bila kusimama kusalimiana. Atembee barabarani, si ufukweni wakati wa magharibi, kwa sababu viboko nao hutoka saa hizo.

Penseli haichuruziki ikilowa, kalamu ya maji huyeyuka, ya wino mzito hustahimili. Weka daftari ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na mawese, na penseli uifunge kwa uzi kwenye chuma cha katikati. Jaza mara moja kwa siku, papo hapo unapoamka. Siku ukisahau, weka alama ya kuuliza uendelee. Kubuni saa ulizolala ni kulipia karatasi kwa uongo. Ukiona alama za kuuliza zaidi ya kumi kwa mwezi, daftari limekaa mbali na kitanda.

Kuna wachache ambao bangili inawafaa: mwenye umeme wa uhakika, mwenye simu janja tayari, anayelala usiku na anayetembea sana kwa miguu. Huyo anunue, ila ajaribu kwanza mlangoni pa duka. Tembea hatua 100 ukizihesabu mwenyewe. Ikikosea zaidi ya kumi si nzuri. Kaa kitini utikise mkono mara 20. Ikiandika hatua 20, ndivyo itakavyokudanganya kila siku. Kisha chomoa mkanda na uurudishe, kwa sababu kipini kile ndicho hukatika kwanza, na uulize kama mkanda wa akiba upo hapohapo. Muuzaji asipokuruhusu kuivaa kabla ya kulipa, mrudishie.