Kata Simu, Tafuta Namba, Subiri Jumatatu

Tuseme ni Ijumaa, saa kumi jioni. Kijana aliyemaliza chuo mwaka jana yupo kwao Morogoro, simu inaita kutoka namba asiyoijua. Sauti ni ya mwanamke mpole, nyuma yake kunasikika watu wakiongea kama ofisini. "Hongera sana mdogo wangu, jina lako limepita." Kazi ni msimamizi wa stoo katika kampuni kubwa ya usafirishaji yenye makao Dar es Salaam. Mshahara ni shilingi 850,000 kwa mwezi, na kuripoti ni Jumatatu. Kilichobaki ni shilingi 65,000 za vipimo vya afya na kitambulisho, zitumwe kwa namba ya "afisa wa vipimo" kabla ya saa kumi na mbili, maana orodha inafungwa leo.

Katika maneno hayo hakuna lililo uongo wa wazi. Kampuni ipo, kazi za stoo zipo, na waajiri wengine kweli hutaka vipimo vya afya. Ndiyo maana kumsikiliza mpigaji kwa makini zaidi hakusaidii. Ukimuuliza maswali ana majibu, na huenda ana hata jina la meneja, kwa sababu majina ya mameneja hupatikana mtandaoni. Kinachosaidia ni kutoka kwenye simu hiyo na kwenda kuuliza mahali ambako yeye hana mkono.

Kwa hiyo la kwanza ni kukata, tena bila ugomvi. "Asante dada, nimekuelewa. Mimi silipi chochote siku ile ile niliyopigiwa. Nitawasiliana na ofisi mwenyewe." Sentensi hiyo ni vizuri kuizoea kabla haijahitajika, kwa sababu ukiwa umeshapata furaha ya kazi maneno hayaji. Kisha andika kwenye karatasi alichosema: jina la kampuni, cheo, kiasi, namba ya kutuma pesa, muda wa mwisho. Nasisitiza karatasi kwa sababu moja tu: akipiga tena kesho na kiasi kimebadilika, utaliona.

La pili ndilo watu wengi hulikosea. Wanaambiwa "hakikisha", basi wanapiga namba ile ile iliyowapigia, au namba iliyoandikwa kwenye ujumbe uliofuata, au ile iliyo kwenye barua yenye nembo waliyotumiwa kwa WhatsApp. Zote hizo zimetoka mkononi mwa mpigaji, na atakayepokea ni yeye au mwenzake wa meza ya pili. Namba rasmi ni ile iliyokuwepo kabla ya simu kuingia na ambayo hakukupa yeye. Kwa benki, iko nyuma ya kadi yako au kwenye taarifa ya akaunti. Kwa mtandao wa simu Tanzania, huduma kwa wateja ni 100. Safaricom ya Kenya huwapigia wateja wake kwa 0722 000 000. Kwa kampuni ya kawaida, tafuta kwenye tovuti uliyoandika anwani yake mwenyewe, kwenye risiti ya zamani, au hata kwenye bango la tawi lao. Kijana wetu wa Morogoro anaweza kutembea hadi stendi, akaangalia namba kwenye ofisi ya tiketi ya kampuni hiyo hiyo. Ni kazi ya robo saa.

Ukitafuta mtandaoni, kuwa na wasiwasi na kurasa za Facebook zinazojiita "huduma kwa wateja". Ukurasa wa namna hiyo hufunguliwa bure na mtu yeyote, na matapeli huufungua wakijua utatafuta. Usiamini pia jina linalotokea juu ya kioo. Namba ya mpigaji inaweza kughushiwa, na ujumbe mfupi wenye jina la kughushi unaweza kuingia katika mlolongo ule ule wa jumbe halali za benki yako, ukakaa chini ya ule wa mwezi uliopita kama ndugu yake. Lakini ukipiga wewe, kwa kubonyeza tarakimu mwenyewe, simu inakwenda kwa mwenye namba.

Kuna pengo moja hapo. Mwaka 2022 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilieleza kuhusu aplikesheni hasidi iliyoitwa Fakecalls, iliyowalenga watu wa Korea Kusini. Ilijifanya aplikesheni ya benki, na mwenye simu alipopiga namba halisi ya benki, ilikata kimyakimya na kumuunganisha na tapeli huku kioo kikionyesha namba ya kweli. Sijasema ipo mtaani kwako. Nasema hivi: kama mpigaji alikushawishi upakue aplikesheni kwa kiungo alichokutumia, usihakikishe kwa simu hiyo. Azima ya jirani. Na kama alikuambia ubonyeze kitu kama `**21*` ikifuatiwa na namba ya simu na alama ya reli, amehamishia kwake simu zako zinazoingia, zikiwemo zile ambazo ofisi halali ingekupigia kukujibu. Bonyeza `*#21#` uone kama kuna uhamisho, na `##21#` uufute.

Sasa umepata namba na umepiga. Namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukisema, "Samahani, nimepigiwa na afisa wenu kuhusu kazi ya stoo, ni kweli?", mtu wa mapokezi aliyechoka anaweza kusema "labda, sijui, ngoja wakupigie", nawe ukasikia ndiyo. Uliza kitu kinachojibika. "Habari za kazi. Naomba kuunganishwa na ofisi ya rasilimali watu. Je, kwa sasa mna nafasi ya msimamizi wa stoo? Mwombaji wa kazi kwenu hulipia chochote kabla ya kuanza?" Swali la mwisho mara nyingi hulimaliza jambo. Hulipwi jibu la huruma wala la kukisia. Unaambiwa ndiyo au hapana. Ikiwa aliyekupigia alijitambulisha kuwa wa serikali, mambo ni mepesi zaidi: kazi za utumishi wa umma Tanzania bara hutangazwa na kuombwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, kwenye `portal.ajira.go.tz`, bila kulipia. Na ada halali za serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12, si kwa simu ya mtu.

Halafu kusubiri. Watu hukuchukulia kama woga, lakini ni kipimo kwa namna yake, kwa sababu muda unawaumiza pande mbili tofauti. Mwajiri wa kweli akisubirishwa siku moja hapotezi kitu; kiti cha stoo kitakuwa wazi Jumatatu kama kilivyokuwa Ijumaa. Tapeli anapoteza kila saa. Laini anayotumia inaweza kuripotiwa na kufungwa wakati wowote, na mtu aliyelala, akala, akamsimulia dada yake, si yule yule aliyeambiwa hongera.

Muda uwe kiasi gani? Kwa maoni yangu, usihesabu saa tu, hesabu saa za ofisi. Mtu anayejiwekea "saa 24" kuanzia Ijumaa jioni anaweza kufika Jumamosi jioni bila ofisi anayoitaka kufunguliwa, na kungoja kwake kutakuwa bure. Kanuni ninayoipendelea kwa kiasi kidogo kama hiki ni usiku mmoja pamoja na nusu siku ya kazi. Kwa kijana wetu hiyo ni Jumatatu mchana. Kwa kiwanja, mkopo, au kazi ya nje ya nchi, siku saba hazizidi, na ndani yake mtu mmoja wa nyumbani asiyefaidika na jambo hilo asikie habari yote kutoka mwanzo hadi mwisho.

Wakati wa kungoja, mpigaji ndiye atakayekupa ushahidi. Jumamosi asubuhi anapiga: "Mdogo wangu, nimekuombea kwa bosi, lipa nusu tu, 30,000." Mchana anapiga "bosi" mwenyewe, sauti nzito, hana upole. Jioni unakuja ujumbe kwamba nafasi amepewa mwingine, lakini ukituma sasa hivi bado inawezekana. Vipimo vya afya havina bei ya kupatana. Bei iliyoshuka bila wewe kuomba, ukali uliozuka baada ya upole, na muda wa mwisho uliopita kisha ukafufuka, ukiviona viwili kati ya hivyo huna haja ya kusubiri Jumatatu.

Tuseme hata hivyo Jumatatu imefika, ofisi imethibitisha kwamba kazi ipo, na kuna malipo halali. Bado kuna kituo kimoja kabla ya kuweka neno siri. Unapotuma kwa simu, kioo hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Lisome. Kampuni hupokea kwa jina lake la biashara. Ukiona jina la mtu binafsi usiyemjua, futa muamala, hata kama umeambiwa huyo ni mhasibu. Pesa ikishatumwa, mpokeaji anaweza kuwa kwa wakala baada ya dakika chache, na iliyotolewa taslimu mtandao hauwezi kuirudisha kwa kubonyeza.

Utaratibu huu una mahali unapokwama. Kupiga namba rasmi kunathibitisha kwamba aliyekupigia ametumwa na ofisi fulani. Hakuthibitishi kwamba ofisi yenyewe ni safi. DECI, iliyosimamishwa Tanzania mwaka 2009, ilikuwa na ofisi, wafanyakazi na foleni za watu waliokuja "kupanda mbegu" wakitarajia kuvuna zaidi. Aliyepiga simu pale alipokelewa vizuri tu. Shida ilikuwa kwamba haikuwa na leseni ya kupokea fedha za watu. Kwa ofa ya kuwekeza au kukopa, basi, simu ya pili haiendi kwa mtoa ofa, inakwenda kwa anayetoa leseni: Benki Kuu kwa mikopo na amana, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kwa hisa na vipande.

Kungoja nako kuna mpaka. Ni kwa ofa, si kwa hatari. Ukipigiwa kwamba kadi yako inatumiwa sasa hivi mahali pengine, usikae hadi Jumatatu. Kata, piga namba iliyo nyuma ya kadi, uifunge. Haraka iwe yako, kwa njia yako. Kama mpigaji alikuwa mkweli umepona, na kama alikuwa mwongo umepoteza dakika tano.

Ujumbe ule wenye namba ya "afisa wa vipimo" usiufute kwa hasira. Kwa aliye Tanzania, uupeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha ufuate maelekezo yatakayorudi. Mteja wa Safaricom Kenya aupeleke 333. Laini ikifungwa Jumatatu, kuna mtu Dodoma ambaye simu yake haitaita Jumanne.