"Samahani, naweza kukuuliza kitu?"

Ujumbe umeingia, na ndani yake hamna swali. Kuna samahani, pengine na shikamoo, kisha ombi la ruhusa. Wengi hujibu "Ndiyo" au "Uliza tu" wakaendelea na shughuli zao. Jibu hilo lina adabu, lakini halimsaidii sana aliyeuliza.

Ana kwa ana, ombi hili halina gharama. Watafiti waliolinganisha mazungumzo katika lugha kumi, matokeo yao yakatoka mwaka 2009, waliona kwamba mtu akiulizwa swali la ndiyo au hapana huanza kujibu, kwa wastani, katika takriban sehemu moja ya tano ya sekunde. Ruhusa hutolewa papo hapo na swali hufuata. Kwenye simu, ruhusa hiyohiyo yaweza kula nusu siku.

Tuchukue daktari wa mifugo. Saa mbili asubuhi mfugaji anamwandikia: "Shikamoo daktari, samahani, naweza kukuuliza kitu?" Daktari yuko shambani kwa mtu mwingine, anauona ujumbe saa sita, anajibu, "Marahaba, uliza." Mfugaji naye sasa yuko sokoni. Saa tisa anaandika: "Kuku wangu wanakufa." Daktari anauliza ni wangapi, wana umri gani, walichanjwa lini. Majibu yanafika magharibi. Kama ni kideri, hakina tiba, na siku hiyo nzima kuku wagonjwa wamekula chombo kimoja na wazima. Pengine mmoja ameshauzwa, akaupeleka ugonjwa kwenye banda la jirani.

Sasa tuseme saa sita daktari angejibu hivi: "Marahaba. Niandikie yote kwa pamoja: ni mnyama gani, wangapi, dalili zimeanza lini, chanjo ya mwisho lini. Niko shambani, nitasoma saa nane. Kama kuna wanaokufa, usisubiri, nipigie sasa hivi." Ruhusa imetolewa, maswali ambayo angeyauliza baadaye ameyatanguliza, amesema atasoma lini, na ameacha njia ya dharura. Mfugaji akisoma neno "wanaokufa" atapiga simu hapohapo, aambiwe atenge wagonjwa, asiuze yeyote, na mizoga aifukie au aichome. Fundi, mwalimu au muuza dawa anaweza kuunda jibu lake la namna hii, kwa kuwa kila mmoja anajua mambo mawili matatu ambayo lazima ayafahamu kabla ya kusema lolote.

Lakini si kila anayeomba ruhusa ana swali la kuku. Mwaka 1980, mwanasosholojia wa Marekani Emanuel Schegloff alichapisha makala juu ya maneno haya hasa. Alionyesha kwamba baada ya mtu kuruhusiwa kuuliza, mara nyingi kinachofuata si swali bali maelezo ya kuliandalia njia, na kwamba wakati mwingine ombi hilo hutangulia jambo nyeti. Hata sisi tunalijua hilo. Mdogo wako anayekuandikia usiku, "Dada, naomba nikuulize kitu," huenda anapima kama una nafasi, kama uko peke yako, kama utamkasirikia. Huyu usimwambie aandike yote kwa pamoja, maana pengine hataki maandishi yabaki kwenye simu ya mtu. Mwambie, "Niko peke yangu, nakusikiliza. Ukipenda tuongee kwa simu." Akinyamaza, usimbane. Mpigie kesho yake umjulie hali.

Utawatofautishaje? Tazama ni nani, ni saa ngapi, na kama ndiyo kawaida yake. Mteja wa mchana ana jambo la kazi. Mtu wa karibu ambaye siku zote huenda moja kwa moja kwenye hoja, leo akaomba ruhusa, ana zito. Na rafiki ambaye ghafla anakuomba umtumie namba ya tarakimu sita iliyoingia kwenye simu yako, usimjibu kwa maandishi. Mpigie usikie sauti yake, kwani akaunti yake huenda imeibwa.

Jambo jingine ni ahadi. Ukisema "uliza chochote," mwenzako ataona umekubali pia kujibu. Kama hujui linalokuja, sema, "Uliza, nikiwa na jibu nitakupa." Hapo swali la mshahara wako au la ndoa ya ndugu yako unaweza kuliacha bila ugomvi.

Wapo wanaonyamaza makusudi mpaka swali lenyewe lije, wakisema aliyeomba ruhusa amewapotezea muda. Siwaungi mkono. Aliyeomba ruhusa amekustahi, na wengi wamelelewa hivyo, hasa mbele ya aliyewazidi umri au cheo. Akisubiri bila jibu hatajua kosa lake, ataona amedharauliwa. Kama huna nafasi, mwambie mapema, ili aweze kumtafuta mtu mwingine.