Pesa imekatwa kwenye akaunti lakini haijafika: Inakwama wapi?

Mnunuzi wa kiwanja Nairobi anatuma shilingi milioni 18 kwa RTGS siku ya Ijumaa alasiri. SMS ya benki inaingia: pesa imekatwa. Jioni inafika, na muuzaji anasema hajaona kitu. Huenda wote wawili wanasema kweli.

Nchini Kenya, hundi ya zaidi ya shilingi milioni 1 haipitishwi kwenye ubadilishanaji wa hundi tangu Oktoba 2009. Kwa hiyo malipo makubwa kama haya hupitia KEPSS, mfumo wa Benki Kuu ulioanza mwaka 2005.

Kituo cha kwanza: ndani ya benki

Mfanyakazi mmoja huingiza malipo na mwingine huyaidhinisha. Kwa kiasi kikubwa, benki inaweza pia kumpigia mteja simu kuthibitisha. Simu isipopokelewa, au karatasi ya mkataba ikikosekana, malipo hayatoki. Kila benki ina saa yake ya mwisho kwa wateja, na huwa mapema kuliko ya Benki Kuu.

Kituo cha pili: foleni

Hapa wengi hawapajui. Kila benki ina akaunti yake Benki Kuu, na malipo hukatwa humo moja moja, yote kamili. Salio lisipotosha, malipo husubiri kwenye foleni.

Tuseme benki ya mnunuzi imebakiwa na shilingi milioni 300 huko. Mbele ya foleni kuna malipo ya milioni 400. Milioni 18 za kiwanja zipo nyuma yake. Salio lingetosha kuzilipa, lakini zikiwa na daraja moja la umuhimu, aliyetangulia ndiye huhudumiwa kwanza.

Benki nyingine ikiilipa hiyo milioni 150, salio linakuwa milioni 450. Milioni 400 zinatoka, zinabaki 50, na kiwanja kinalipwa papo hapo. Shida ni kwamba benki nyingine nayo huenda inasubiri kulipwa kwanza. Wote wakingojeana, foleni inaganda.

Benki inaweza kupandisha daraja la malipo, au kukopa Benki Kuu kwa saa chache kwa dhamana ya hati fungani za serikali. Neno "haraka" kwenye fomu ya mteja peke yake halisogezi foleni.

Saa ikipita

Kwa kawaida, malipo yaliyobaki foleni mfumo unapofunga hufutwa, na benki huyatuma upya siku ya kazi inayofuata. Ya Ijumaa hiyo yatasubiri Jumatatu.

Swali la kuuliza benki

Si "mmetuma?" bali "yameshalipwa Benki Kuu, au yapo foleni, au hayajaidhinishwa?" Yakishalipwa Benki Kuu, benki iliyotuma haiwezi kuyarudisha peke yake. Kabla ya hapo, SMS ya kukatwa pesa haimhakikishii muuzaji kwamba amelipwa, na hati ya kiwanja isitoke mkononi mwake.